Saa anazotaja mhudumu wa ambulansi: usiandike unavyosikia

Swali: "Wakuu, nimepewa kazi ya kujaza ripoti za wagonjwa wa ambulansi. Mhudumu ananitumia sauti kwa wasapu, mimi naingiza kwenye fomu. Vipimo, dawa na makabidhiano nivipange vipi? Saa nadhani nitaziandika kama anavyozitaja tu."

Usithubutu mkuu! Hiyo sentensi yako ya mwisho mimi iliniponza, na mama wa watu nusura imtoe roho.

Mama alikuwa wa rufaa, kifafa cha mimba, kutoka kituo cha afya kwenda hospitali ya wilaya. Mhudumu wetu akarekodi sauti wakiwa njiani: "Tumeondoka kumi na nne hamsini. Presha mia sitini kwa mia na kumi. Kituoni walishampa magnesiamu, gramu nne kwenye mshipa na tano tano kila tako, saa nane na ishirini." Mimi huyo, vidole vyepesi, nikaandika kuondoka 14:50, magnesiamu 08:20.

Umeona mtego? Muda wa kuondoka aliusoma kwenye saa ya gari. Muda wa dawa aliambiwa na mkunga kwa mdomo, na mkunga ni Mswahili kama sisi, saa nane yake ni ya mchana, yaani 14:20. Sauti moja, saa za aina mbili. Na kwa kuwa dawa ilitolewa kabla gari halijafika, 08:20 haikugongana na muda wowote kwenye fomu. Ingegongana ningeshtuka, maana mimi si mjinga kiasi hicho. Kidogo tu.

Baada ya ile dozi ya kuanzia, magnesiamu hufuata gramu 5 kila baada ya saa 4. Yaani zamu yake ilikuwa 18:20. Mkunga aliyempokea mama aliambiwa muda sahihi kwa mdomo, ila akaitwa chumba cha upasuaji. Aliyebaki wodini alikuwa na karatasi yangu tu mkononi. Akahesabu kutoka 08:20, akaona mama amerukwa dozi ya 12:20 na ya 16:20 inakaribia. Akagonga goti, likaruka. Akahesabu pumzi, zilitosha. Akaangalia mkojo, upo. Akamchoma 16:10. Hakukosea yeye, alifuata utaratibu wote. Karibu saa moja baadaye goti haliruki tena na pumzi zimeshuka hadi 10 kwa dakika. Daktari wa zamu akasimamisha dawa, akampa kalsiamu glukoneti gramu 1 polepole kwenye mshipa, wakakaa naye hadi pumzi zikarudi. Mama alipona. Mimi usingizi ulinikimbia wiki nzima.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mkubwa wetu ofisini, na maneno yake nayakumbuka: "Ukisikia mtu ametaja kumi na nne, jua sauti nzima ni saa za mashine. Usibadilishe kitu, wewe si daktari." Siku ya kikao akakaa kimya kama hanijui. Haya, mzee, chai yako ilikuwa tamu?

Sasa sikiliza. Muda wowote uliotoka mdomoni hauingii kwenye fomu mpaka umeuegemeza kwenye saa ambayo haikutoka mdomoni. Siku ile nilikuwa nazo mbili. Rejesta yetu ya simu ilionyesha kituo kilipiga 14:28, na mama alianza degedege muda mfupi kabla ya hapo, sasa magnesiamu ya asubuhi ingetoka wapi? Na mhudumu alikuwa amenitumia picha ya fomu ya rufaa yenye 14:20 kwa wino wa bluu. Sikuifungua, bando lilikuwa linaisha. Cheka tu.

Ukikosa pa kuegemeza, piga simu uulize "mchana au usiku, ya Kiswahili au ya mashine?" Asipopatikana, andika maneno yake yalivyo, "saa nane na ishirini, haijathibitishwa", ili nesi ajue aulize. Nafasi yenye shaka iliyoandikwa shaka haijamchoma mtu sindano. Hata "dakika kumi baadaye" usiigeuze kuwa saa kabla hujajua ni baada ya nini. Na saa sita usiku ndiyo 00:00, tarehe inageuka hapo hapo. Nimeona ripoti ambayo mgonjwa alifika hospitali siku moja kabla ya kupigiwa simu.

Kila muda uandikie ulikotoka. Mimi sasa hivi naandika hivi: "14:20, kituo cha afya, fomu ya rufaa." Inachosha, lakini nesi akiiona haulizi.

Makabidhiano: muda ni ule nesi alipompokea mgonjwa, si gari lilipoingia getini. Kwa yule mama gari liliingia 15:22, akapokelewa 15:34. Vipimo nitarudi kukujibu, zamu imeanza na kuna sauti tatu zinanisubiri, ya kwanza inaanza na "saa tano hivi".