Hesabu rahisi kuliko zote ndiyo aliyoiacha wazi

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu yuko Darasa la Tano. Juzi karudi na daftari la hisabati, kazi ya nyumbani ya sehemu imejaa mikasi. 1/2 + 1/3 kaandika 2/5. 1/4 + 1/4 kaandika 2/8. 3/4 − 1/2 kaandika 2/2. Na 4/5 − 1/5, ambayo naona ni rahisi kuliko zote, ameiacha wazi. Za kuzidisha kapata zote. Nilimfokea kwamba ni mzembe, akalia. Mama yake anataka tumpeleke tuisheni, mimi nafikiria kwenda kumwona mwalimu. Nishauri. – Baba, Morogoro*

Marahaba, baba. Nashukuru umeniandikia majibu yenyewe, maana ndiyo yanayoeleza kilichomkwamisha.

Tuanze na ile aliyoiacha wazi. Binti yako anajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili: juu 1 na 1 ni 2, chini 2 na 3 ni 5. Kwenye kutoa anafanya vilevile: juu 3 toa 1, chini 4 toa 2, ndipo ikaja 2/2. Sasa ifuate njia hiyohiyo kwenye 4/5 − 1/5. Juu unapata 3. Chini, 5 toa 5, unapata 0. Mtoto akajikuta ana 3/0, akaona hakuna sehemu ya namna hiyo, akaweka kalamu chini. Mzembe angeandika chochote ili amalize. Huyu alishika kanuni moja toka swali la kwanza, na ilipomfikisha pasipopitika alisimama. Neno ulilomwita si lake. Naomba umwambie hivyo leo, kabla hamjafungua daftari.

Kanuni hiyo hakuiokota hewani. Kwenye kuzidisha ndiyo kanuni ya kweli: 1/2 × 1/3, juu mara juu, chini mara chini, jibu 1/6, na akawekewa vema. Halafu kuna jambo ambalo sisi wazazi huwa hatulioni ingawa liko mbele ya macho yetu, nalo ni maksi. Mtoto akipata 3/5 kwenye zoezi la Jumatatu na 4/5 la Jumanne, jumla yake ni 7/10. Juu kwa juu, chini kwa chini, na jibu ni sahihi kabisa! Anaona maandishi hayo kwenye daftari lake mwaka mzima. Tofauti ni kwamba kwenye maksi kizima chenyewe kinakua: maswali matano na mengine matano yanakuwa kumi. Kwenye 1/2 + 1/3 kizima ni kimoja tu, kilekile, na hakiongezeki hata ukijumlisha vipande vyake.

Ukimweleza maneno haya kwa mdomo ataitikia "ndiyo, baba," kisha kesho ataandika 2/5 tena. Inafaa alione kosa mwenyewe. Mdogo wangu wa kiume ni fundi cherehani, na bintiye alikwama papo hapo. Alichofanya ni kukata utepe wa sentimita 60, akampa pamoja na rula. Alichagua 60 kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6 bila kubaki kitu.

Kwanza alimwuliza, "Nieleze ulivyofanya," akanyamaza mpaka mtoto akamaliza. Kisha akamwambia apime nusu ya utepe, akapata sentimita 30. Theluthi, sentimita 20. "Viunganishe." Sentimita 50. "Sasa nipimie jibu lako, 2/5." Mtoto akagawa 60 kwa 5, akapata 12, mara 2, sentimita 24. Akaiweka 24 kando ya ile nusu ya 30, akaangalia. Baba hakusema kitu. Mtoto ndiye aliyesema: "Baba, mbona jibu ni fupi kuliko nusu peke yake?"

Hapo ndipo pa kupatafuta, ndugu yangu. Ukimwahi na kumtajia jibu, umemnyang'anya.

Kilichofuata ni kutafuta kipande kimoja kinachoweza kupima vyote viwili. Walijaribu cha sentimita 15: kinaingia mara mbili kwenye 30, lakini kwenye 20 kinabakiza. Cha sentimita 10 kikaingia mara tatu kwenye nusu na mara mbili kwenye theluthi, bila kubaki. Utepe mzima una vipande sita vya namna hiyo. Kwa hiyo nusu ni 3/6, theluthi ni 2/6, na jumla ni 5/6, yaani sentimita zilezile 50. Hiyo 6 ndiyo KDS ya 2 na 3 ambayo mwalimu huwaambia waitafute, na baada ya kuishika mkononi mtoto anajua anaitafutia nini. Anajua pia kwa nini asili haijumlishwi: inataja ukubwa wa kipande, na kipande cha sita kinabaki kuwa cha sita hata vikiwa vitano.

Kwa binti yako ningependa mfuatishe 3/4 − 1/2. Robo tatu ya utepe ni sentimita 45. Akate 30, zinabaki 15, ambazo ni 1/4. Kisha mwulize 2/2 ni urefu gani. Ni utepe mzima! Alikata, kikaongezeka. Malizeni na 4/5 − 1/5, sentimita 48 toa 12, na mwache aone mwenyewe kwamba vipande tayari vina ukubwa mmoja.

Kuna kosa jingine linalopenda kuzaliwa baada ya hili kupona. Mtoto anakumbuka kubadili asili lakini anasahau kiasi, na 1/2 + 1/3 anaiandika 1/6 + 1/6 = 2/6. Ukiona 2/6, usirudi mwanzo. Mwambie apime 1/6 kwenye utepe, atapata sentimita 10, na nusu yake ilikuwa 30. Atajua pa kurekebisha.

Kujua kama ameelewa, usimpe hesabu nyingi. Mpe 1/2 + 1/4 na mwulize kabla hajashika kalamu: jibu litazidi nusu? Litafika kizima? Akijibu sawasawa na kueleza kwa nini, ameshika. Akikimbilia kuandika, bado anafuata kanuni kichwani. Usishangae pia ile ya zamani ikirudi siku atakapopewa zoezi lenye kujumlisha na kuzidisha pamoja. Hapo ndipo zinapogongana. Utepe uwe karibu.

Kuhusu tuisheni, mwambie mama yake isubiri. Mwalimu wa tuisheni akimpa hesabu nyingine ishirini wakati kanuni ni ileile, atakuwa anaizoeza tu. Kwa mwalimu wa shule nenda, ila usiende kulalamikia mikasi, kwa sababu majibu kweli si sahihi na mwenye madaftari ya darasa zima hapati nafasi ya kufuatilia kila mtoto aliwaza nini. Mwoneshe ile 4/5 − 1/5 iliyoachwa wazi, mweleze ile 3/0, na umwombe amwite binti yako ubaoni swali kama hilo litakapokuja tena.