Blenda inanuka kuungua kisha inazima: chunguza haya kabla ya kuitupa

Blenda ikianza kutoa harufu ya kuungua halafu ikazima katikati ya kazi, chomoa plagi, toa jagi, na uiache msingi wake sehemu yenye hewa, mbali na jiko. Ipe nusu saa, hata dakika 45 kama ilikuwa moto sana. Usiendelee kubonyeza swichi huku imezima. Kinachotokea baada ya kupoa ndicho kitakachokuonyesha pa kuanzia, na wateja wengi wanaoniletea blenda hapa Kawangware huwa hawajaipa nafasi hiyo.

Ikiwaka tena baada ya kupoa, basi ndani kuna swichi ya joto na imefanya kazi yake. Ni kipande kidogo chenye bamba la metali mbili zilizoshikamana. Moja hutanuka kuliko nyingine inapopata moto, kwa hiyo bamba hupinda na kukata stima, kisha likipoa hurudi mahali pake. Blenda nyingine zina kitufe kidogo chini ya msingi ambacho lazima ukibonyeze baada ya kupoa, kwa hiyo igeuze uangalie. Swichi hiyo haijaharibika, na kuibadilisha hakutakusaidia. La kutafuta ni kwa nini mota ilifikia joto hilo.

Ndani ya mota kuna koili zilizofungwa kwenye chuma cha nje, na katikati kuna rota inayozunguka. Stima huingia kwenye rota kupitia brashi mbili za kaboni zinazosukumwa na springi zisugue silinda ya shaba iliyogawanywa vipande vipande, ambayo mafundi tunaiita komuteta. Kwenye shafti hiyo hiyo kuna feni inayovuta hewa ya kupoza koili. Sasa fikiria kazi inapokuwa nzito. Visu vinapunguza kasi, na mota inayozunguka polepole huvuta mkondo mkubwa zaidi wa stima. Mkondo ukiwa mara mbili, joto kwenye koili huwa mara nne. Wakati huo huo feni nayo imepungua kasi kwa sababu iko kwenye shafti ile ile, na hewa ya kupoza inapungua pale inapohitajika zaidi. Visu vikikwama kabisa huku umebonyeza swichi, mkondo hupanda mara kadhaa na feni imesimama. Hapo mota inaweza kuungua kabla hujapata muda wa kushangaa harufu.

Ndiyo maana simshauri mtu kusaga kitu kizito kwa namba 1 akidhani anaihurumia mashine. Anza polepole ili vitu vishikwe na visu, kisha panda namba ya juu upesi na ufanye kazi kwa muda mfupi. Sikiliza sauti: ikiwa inashuka na kuwa nzito wakati unasaga, mota imelemewa. Zima hapo hapo, usisubiri harufu.

Kuna mama mmoja mfanyabiashara wa siagi ya njugu karanga kule Umoja aliyeniletea blenda yake ya wati 400. Aliniambia, "Fundi, ikishapoa inafanya kazi vizuri tu, lakini siku hizi inachoka haraka kuliko zamani." Maneno hayo mawili yalinitosha kuanza. Kurudi baada ya kupoa kulinionyesha swichi ya joto. Kuchoka haraka kuliko zamani, kwa kazi ile ile, kulinionyesha kwamba kuna kitu kimebadilika kwenye mashine yenyewe, si njugu pekee.

Nilianza na jagi, na plagi ikiwa nje. Kaplingi iliyo chini ya jagi inafaa kuzunguka kwa kidole bila kung'ang'ania. Yake ilikuwa ngumu. Mafuta ya njugu yalikuwa yamepenya kwenye sili, yakaganda kwenye bushi ya shafti ya visu, kwa hiyo mota ilikuwa na mzigo hata kabla njugu hazijaingia. Jambo hili huwapita wengi kwa sababu jagi likioshwa linaonekana safi. Tulilowesha sehemu ya visu kwenye maji moto yenye sabuni na ikalegea kiasi, lakini sili ilikuwa imekwisha, kwa hiyo tukanunua seti mpya ya visu.

Kisha nikaweka vikombe viwili vya maji kwenye jagi na kuiwasha. Hilo ndilo jaribio ninaloliamini zaidi, kwa sababu maji ni mzigo mwepesi ambao blenda yoyote nzima hauisumbui. Ikizunguka kwa sauti moja laini, na kwenye matundu ya hewa ukaona cheche ndogo za buluu tu, mota ni nzima na shida ni mzigo unaoipa. Ikikohoa, ikikata na kurudi, au ikiwaka tu ukiigonga ubavuni, shuku brashi. Ikinuka upesi na kupata moto kwa maji matupu bila cheche nyingi, huenda nyaya za koili zimegusana ndani au bushi za mota zimekauka. Na kama mota inavuma lakini visu havizunguki, huku harufu ikiwa ya mpira, angalia kaplingi: meno yake yamelika na inateleza.

Ya mama ilikohoa, na cheche zilikuwa za rangi ya chungwa zikizunguka komuteta karibu yote. Nikaifungua. Baada ya kuchomoa plagi mimi hungoja dakika moja kabla ya kushika chochote, kwa sababu kapasita ndogo iliyo kwenye waya za kuingiza stima inaweza kubaki na chaji. Brashi moja ilikuwa imebaki kama milimita 4, na nyingine ilikuwa ndefu zaidi kwa sababu springi yake ilikuwa imechoka na haikuwa ikiisukuma vizuri. Mimi hubadilisha brashi zikifika karibu theluthi ya urefu wa mpya, au milimita 5 hivi. Zikiachwa ziishe kabisa, springi huigusa shaba na kuichimba, na hapo ukarabati wa bei ndogo hugeuka kuwa wa bei kubwa. Brashi fupi haishiki komuteta sawasawa. Stima huruka kwa cheche, cheche huleta joto na kula shaba, na mota hupoteza nguvu. Mota isiyo na nguvu hulemewa upesi, na hivyo ndivyo ilivyokuwa inachoka haraka.

Brashi hununuliwa mbili pamoja pamoja na springi zake, hata kama moja bado inaonekana nzuri. Beba ya zamani uende nayo kwenye maduka ya vipuri ya Luthuli, na upime upana na unene wake kwa milimita, kwa sababu urefu unaweza kutofautiana kidogo lakini unene haufai. Ikiwa nene kidogo, isugue kwenye msasa laini uliolazwa mezani hadi iteleze kwenye kishikio chake bila kubana na bila kuchezacheza. Komuteta niliisafisha kwa msasa laini wa namba 600 huku nikiizungusha kwa mkono, kisha nikatoa vumbi lote kwenye nafasi zilizo kati ya vipande vya shaba. Vumbi la kaboni hupitisha stima, na likibaki pale huunganisha vipande visivyotakiwa kuungana. Usipake mafuta wala grisi yoyote. Brashi mpya hutoa cheche kidogo mwanzoni kwa sababu uso wake haujapata mviringo wa komuteta. Iendeshe kwa maji, muda mfupi mfupi ukiipumzisha, na cheche zitapungua.

Baada ya hapo tukajaribu njugu zenyewe. Nilibana mita ya ampea kwenye waya mmoja wa ekstensheni. Wati 400 kwa volti 240 ni kama ampea 1.7. Njugu zikiwa bado unga, mita ilikaa chini ya hapo. Zilipoanza kuwa uji mzito, ikapanda karibu ampea 3, na sauti ikashuka. Kwa mkondo huo, joto kwenye koili ni karibu mara tatu ya lile ambalo mashine imeundiwa. Nikamgeuzia msingi aone kibandiko cha chini, kilichoandikwa `KB 1 min`. Maana yake ni kwamba mashine haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo zaidi ya dakika moja. Alama hiyo iko kwenye blenda nyingi za nyumbani, na yeye alikuwa akisaga mpaka zilainike.

Tulikubaliana hivi: njugu ziingie zikiwa bado na uvuguvugu wa kukaangwa, maana mafuta hutoka upesi, na zisizidi theluthi ya jagi. Asage sekunde 20, azime, akwangue pembeni kwa mwiko, aongeze kijiko cha mafuta pale zinapoanza kushikamana. Kila akifikisha dakika moja ya kusaga aiache ipumzike angalau dakika tano. Nilimwambia pia waziwazi kwamba, oda zikizidi, blenda ya nyumbani haitamfaa, na atahitaji mashine ya kusagia njugu yenye mota ya kazi ya mfululizo.

Sasa, kama blenda yako haikuwaka kabisa hata baada ya kupoa, anza na fyuzi ya plagi. Ikiwa nzima, huenda ndani kuna fyuzi ya joto badala ya swichi. Hii hufungwa pembeni mwa koili, huyeyuka mara moja tu, na hairudi. Fyuzi ya plagi ya ampea 13 haiwezi kuilinda mota, kwani ampea 3 zinazoichoma kwake si kitu. Fyuzi ya joto ikikatika, mafundi wengine huiruka kwa kipande cha waya. Kataa. Ukikubali, mara nyingine mota ikilemewa hakutakuwa na kitu cha kuizima kabla vanishi ya koili haijawaka moto, na huenda wakati huo wewe uko chumba kingine. Mpya lazima iwe na nyuzijoto na ampea zile zile zilizoandikwa kwenye ya zamani, na viungo vyake vibanwe kwa koleo, maana joto la kuchomelea risasi linaweza kuikata kabla haijatumika hata mara moja.

Na ukifungua ukakuta koili zimekuwa nyeusi na vanishi inapukutika, usibadilishe fyuzi wala brashi. Kwa blenda ya nyumbani, kusuka koili upya hugharimu karibu sawa na msingi mwingine. Weka jagi, kifuniko na visu kama bado ni vizima, utafute msingi wa modeli hiyo hiyo.