Pamopene, pamopene: wimbo ulioshikwa kwa neno moja

*Kwenye ibada ya mazishi Tukuyu kwaya iliimba wimbo wa Kinyakyusa. Mimi ni Mhehe wa Iringa, nikashika maneno mawili tu: "pamopene", lililorudiwa mara mbili kwenye kiitikio, na "Kyala". Nimetafuta "Mungu tuko pamoja" kila mahali, sipati kitu. Maneno hayo yana maana gani, na wimbo wenyewe nitaupataje?*

Masikio yako yako sawa. "Pamopene" ni pamoja, na "Kyala" ni Mungu, yule ambaye nyumbani kwenu anaitwa Nguluvi. Umekwama kwa sababu umetafsiri neno ukaliweka kwenye sentensi ya Kiswahili cha leo. Tenzi zetu nyingi hazikuandikwa kwa Kiswahili hicho, na aliyeutia wimbo kwenye Kinyakyusa hakulazimika kufuata Kiswahili neno kwa neno. Alilazimika kufuata tuni.

Basi anza na tuni. Imba ulichokumbuka, hata kwa "la la la", ukihesabu mizani ya kila kipande. Hesabu silabi, usihesabu noti, maana silabi moja huweza kuvutwa kwenye noti mbili. "Kya" ni mizani moja, kwa hiyo "Kyala" ni mbili. Lakini "mtu" ni mbili pia, m-tu. Neno la Kinyakyusa likianza na irabu, kama "ulugano", irabu hiyo humezwa mara nyingi na neno lililotangulia, kwa hiyo usishangae hesabu ikipungua moja.

Tuseme umepata nane, saba, nane, saba. Hapo wengi hukimbilia "Yesu kwetu ni rafiki, hwambiwa haja pia", na kweli mizani inakubali. Ila utenzi huo hauna kiitikio, nawe umesema wazi kwamba neno lako lilirudi mara mbili kwenye kiitikio. Mwingine wa mizani hiyo hiyo ni huu:

"Bwana u sehemu yangu, rafiki yangu wewe."

Kiitikio chake huanza "Pamoja na wewe, pamoja na wewe". Huyo ndiye mtuhumiwa wangu wa kwanza. Tofauti nyingine utaisikia mwilini: "Yesu kwetu" hutembea kwa hatua sawa, huu huyumba kama anayebembeleza mtoto. Ukijaribu kuimba maneno ya mmoja kwa tuni ya mwingine yataingia, ndiyo maana mizani peke yake haitoshi.

Sasa tazama mstari mwingine wa utenzi huo: "Katika safari yangu tatembea na wewe." Ni "tatembea", si "nitatembea". Kiambishi "ni" kimedondoshwa ili mizani ibaki saba, na ukiandika neno kamili kwenye kutafuta unaweza kuukosa wimbo ulio mbele yako. Vivyo hivyo "u sehemu yangu" ni "wewe ni sehemu yangu", na penye "upendo" tenzi hupendelea "pendo". Mtafutaji wa tenzi afupishe maneno kabla ya kuyaandika.

Kuna kingine kinachoweza kukusaidia kuongeza maneno. Je, katika beti hukusikia kitu kama jina la mtu unayemjua? Lugano ni upendo, Lusajo ni baraka, Lusekelo ni furaha, Ipyana ni neema. Watu wa Rungwe na Kyela wamewapa watoto wao nusu ya msamiati wa kanisani. Huenda ulidhani wanamtaja marehemu au ndugu zake.

Kwa uthibitisho, uliza wafiwa ibada ile ilikuwa ya kanisa gani. Huko Tukuyu utakuta Walutheri wa Dayosisi ya Konde na Wamoraviani, na huenda vitabu vyao si kimoja. Usimwendee mwalimu wa kwaya na namba, kwa kuwa namba hubadilika kutoka kitabu hadi kitabu. Mwimbie kiitikio, kisha mtajie mstari wa kwanza wa Kiswahili: "Bwana u sehemu yangu". Yeye atakupa mstari wa kwanza wa Kinyakyusa, na huo ndio utakaouona kwenye faharasa. Kiitikio mara nyingi hakiorodheshwi humo.

Lakini kama katika kuhesabu umeona vipande havina urefu maalumu, mmoja anaanzisha na wengine wanadakia "pamopene" hadi achoke, basi hilo ni pambio, au ni utunzi wa kwaya yenyewe. Vitabu viache. Tafuta jina la kwaya, uwaulize waimbaji.