Boda ya aplikesheni Dodoma: kwa saa unabaki na ngapi?

"Wakuu, nipo Dodoma na boda ya aplikesheni. Kwa siku naingiza 32,000 ila jioni sizioni. Kwa saa napata ngapi hasa?"

Mkuu, anza na kilomita. Aplikesheni inakuonyesha za abiria tu, wakati tenki linalipia mpaka zile za kumfuata abiria na za kurudi tupu. Asubuhi andika namba iliyo kwenye dashibodi, jioni iandike tena. Ulaji wa mafuta upime hivi: jaza tenki mpaka juu, piga kazi siku mbili, jaza tena mpaka pale pale, kisha gawa kilomita kwa lita zilizoingia.

Tuseme umekuwa hewani saa 12 asubuhi hadi saa 10 jioni, yaani saa 10. Kamisheni ikiwa asilimia 20, kwenye 32,000 inaondoka 6,400. Hapa wengi wanajichanganya: abiria analipa keshi, hela yote iko mfukoni, kumbe ndani yake kuna deni la kampuni. Inabaki 25,600.

Dashibodi inasema 120, aplikesheni inasema 70. Kwa kilomita 40 kwa lita umechoma lita 3. Bei ikiwa 2,900 ni 8,700. (EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku hiyo rekebisha hesabu yako.) Umebaki na 16,900.

Servisi usiihesabu siku unayokwenda kwa fundi, ihesabu kwa kilomita. Oili ya 15,000 kila kilomita 2,500 ni shilingi 6 kwa kilomita. Tairi ya nyuma ya 75,000 inayokwenda kilomita 15,000 ni 5. Ya mbele, cheni na sproketi, brekshu, plagi na waya fanya 9. Jumla 20, mara 120 ni 2,400. Toa na bando la 1,000, unabaki na 13,500.

Pikipiki nayo inazeeka. Uliyonunua 3,000,000 ukaja kuiuza 1,200,000 baada ya siku 900 za kazi imekula 2,000 kila siku. Mwisho ni 11,500, sawa na 1,150 kwa saa. Ukiwa wa mkataba, badala ya hiyo 2,000 weka hesabu ya tajiri: ikiwa 8,000, unabaki na 550 kwa saa.

Saa za kukaa kijiweni zisifutwe. Anayegawa kwa saa alizobeba abiria tu anajidanganya.

Sasa tazama zile kilomita 50 tupu. Mafuta na servisi ni kama 92 kwa kilomita, kwa hiyo zimemeza 4,600. Kwa Dodoma nyingi zinatoka Mtumba: asubuhi watumishi wanakwenda, wa kurudi mjini hakuna. Karibu kilomita 17 tupu ni kama 1,560. Kusubiri huko nusu saa kunakugharimu 575, hiyo inavumilika. Ikifika saa moja na nusu bila ombi, kusubiri kumeshakula kuliko mafuta ya kurudi, washa uondoke.