Kisukuma kimegeuka mabano

“Hadithi za Kisukuma tulizochapa zamani hapa Mwanza zinasomeka kwa fonti ileile ya zamani tu. Kwenye simu, ĩ inaonekana [ na ũ inaonekana ]. Nifanyeje?”

Ndugu, faili limehifadhi mabano. Fonti ndiyo iliyoyavika sura ya herufi. Kwa hiyo usibadilishe fonti kwanza, maana hapo utapoteza alama pekee inayotenganisha herufi na mabano halisi ya maelezo ya Kiswahili.

Nakili faili, ufungue nakala kwenye Word, ubonyeze Ctrl+H. Kwenye Find what andika [, kisha More, Format, Font, uchague fonti ya zamani. Kwenye Replace with weka ĩ na fonti Charis SIL. Rudia kwa ], ukiweka ũ, na kwa herufi kubwa. Fonti ya maandishi yaliyobaki ibadilishe mwisho.

Angalizo: ĩ huhifadhiwa kwa njia mbili za Unicode: U+0129 iliyo kipande kimoja, au i ikifuatwa na alama ya wimbi U+0303. Kwa macho zinafanana, lakini programu nyingine ukitafuta moja haioni ya pili. Tumia U+0129 kwa ĩ na U+0169 kwa ũ kote.

Word isipoiona [ unayoiona kwa macho, huenda fonti ni ya aina ya Symbol, yenye namba zake za herufi; basi nakili herufi yenyewe kutoka kwenye faili, uibandike Find what.