Ultrasaundi haikuonyesha maji tumboni, lakini presha inashuka

"Kijana wa bodaboda kagongwa hapa Malindi. Presha 90/60, mapigo 124. Nimeangalia kati ya ini na figo la kulia, hakuna maji. Nimlaze wodini tu?"

Hapana daktari, usimwache bado. Mara nyingi damu haionekani pale mpaka ipite mililita 200 hivi, na wewe umeangalia sehemu moja tu. Rudi ulipoanza, lakini teremsha kichwa cha mashine hadi ncha ya chini ya ini, maana utepe mweusi mwembamba huanzia hapo. Kisha nenda kushoto. Wengi hutazama kati ya bandama na figo wakaridhika, ilhali upande huo damu hujaa kwanza juu ya bandama, chini ya kiwambo. Angalia nyonga kabla hujamwekea mpira wa mkojo, kwa sababu kibofu kilichojaa ndicho dirisha lako. Malizia na moyo, ukipitia chini ya kidari.

Damu iliyoganda huwa ya kijivu, inafanana na ini lenyewe. Usitafute weusi pekee.

Ukiona maji na presha iko hivyo, ni thieta, si kumpeleka siti skani. Usipoona, rudia baada ya dakika 15 au presha ikishuka tena, na huku ukague kifua, fupanyonga na mapaja. Damu iliyo nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo, kipimo hiki hakiioni vizuri. Agiza damu ya kuongezewa sasa hivi.