Hundi imeonekana kwenye stetimenti, mbona malipo yamegoma?

Wiki hii msomaji mmoja anayenunua mahindi soko la Kibaigwa ameniandikia akiwa na hasira. Hundi yake ya shilingi 4,000,000 ilionekana kwenye stetimenti Jumatatu, akajaribu kumlipa mwenye lori siku hiyohiyo, malipo yakakataliwa kwa maelezo kwamba fedha hazitoshi. Mwisho wa mwezi akakuta riba ya ovadrafti nayo imezidi hesabu yake. Anaamini ameibiwa. Hajaibiwa, ila hasira yake naielewa, maana majibu ya maswali yake yote mawili yamo kwenye safu moja ya stetimenti ambayo wateja wengi hawajawahi kuelezwa kazi yake.

Stetimenti nyingi zina safu tatu za tarehe, au mbili kati ya hizo. "Trans Date" ni siku muamala ulipofanyika: siku uliyokabidhi hundi dirishani au uliyochanja kadi kituo cha mafuta. "Posting Date", ambayo baadhi ya benki huiita "Book Date", ni siku benki ilipouingiza muamala huo kwenye vitabu vyake. "Value Date" ni siku ambayo fedha zinaanza, au zinaacha, kuhesabika kuwa zako kwa ajili ya riba, na kwa hundi ndiyo siku ambayo kwa kawaida unaruhusiwa kuzigusa. Ukiweka fedha taslimu asubuhi ya siku ya kazi, zote tatu huwa tarehe moja, ndiyo maana mtu anaweza kukaa na akaunti miaka mingi bila kuziona zikiachana. Hundi ya benki nyingine huziachanisha mara moja.

Tuchukue mfano unaofanana na wa msomaji wetu. Ovadrafti yake ina kikomo cha shilingi 6,000,000 na ameitumia yote, kwa hiyo salio lake ni hasi 6,000,000. Ijumaa, tarehe 7 Machi 2025, anapeleka hundi ya 4,000,000 iliyotoka benki nyingine. Anafika tawini saa tisa na nusu alasiri, wakati muda wa kupokea hundi za siku hiyo umeshapita. Karani anaipokea na kugonga muhuri wa tarehe 7, na hapo mteja anaondoka akiamini kazi imekwisha. Kumbe hundi itaingia kwenye mzunguko wa Jumatatu tarehe 10. Siku hiyo benki inaiposti, kisha inasubiri benki ya aliyeiandika ithibitishe kwamba fedha zipo na saini ni sahihi. Jibu likiwa zuri, fedha zinahesabika kuanzia Jumanne tarehe 11. Stetimenti itasomeka 7, 10 na 11 kwenye mstari mmoja, na hakuna tarehe iliyokosewa.

Sasa angalia Jumatatu. Salio la vitabu limepanda kutoka hasi 6,000,000 hadi hasi 2,000,000, na hilo ndilo alilolisoma kwenye simu. Lakini salio analoweza kulitumia bado ni sifuri, kwa sababu ile 4,000,000 imezuiwa hadi siku ya thamani, yaani "Value Date". Mfumo wa malipo hauangalii salio la vitabu, unaangalia salio linalotumika. Ndiyo maana malipo ya lori yaligoma. Kama ni hundi aliyokuwa amemwandikia mtu, ingerudi na angekatwa ada juu yake. Kabla ya kuahidi malipo, usisome mstari wa muamala. Soma "Available Balance", na kama hailingani na salio la vitabu, tafuta mstari ambao "Value Date" yake haijafika.

Upande wa riba, benki huchukua salio la mwisho wa kila siku kwa kufuata tarehe ya thamani, inalizidisha kwa kiwango cha mwaka na kugawanya kwa 365. Baadhi ya mikataba hutumia 360, kwa hiyo soma wako. Tuseme riba ni asilimia 18 kwa mwaka. Deni la 6,000,000 linazaa shilingi 2,959 kwa siku, na deni la 2,000,000 linazaa 986. Mteja alihesabu deni dogo kuanzia Ijumaa. Benki ilihesabu deni kubwa kwa Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, siku nne, na tofauti yake ni shilingi 7,890. Kwa hundi moja unaweza kuipuuza. Kwa mtu anayelipwa kwa hundi kila Ijumaa alasiri msimu mzima wa mavuno, hiyo ni fedha inayovuja kila wiki. Angeipeleka Ijumaa ileile asubuhi, hundi ingeweza kupata thamani Jumatatu na siku moja ingeokoka. Akikubaliana na mnunuzi amlipe kwa TISS, mfumo wa kuhamisha fedha kati ya benki na benki, ndani ya saa za kazi, tarehe zote tatu kwa kawaida huwa siku ileile. Ada ya TISS humwangukia anayetuma, kwa hiyo jambo hilo mlipatane wakati wa kupanga bei, si baada ya mzigo kupakiwa.

Kuna mahali ambapo benki inaweza kukuumiza kweli, na hapo ndipo nataka watu wawe wakali: marekebisho ya makosa. Tuseme tarehe 3 Machi akaunti ileile ilikatwa shilingi 500,000 kimakosa, na benki ikarudisha tarehe 20. Mtu anaona fedha zimerudi, anashukuru, anaondoka. Lakini kama mstari wa marejesho una "Value Date" ya tarehe 20, amelipa riba ya siku 17 kwa deni ambalo halikuwa lake. Kwa kiwango kilekile ni shilingi 4,192. Marejesho sahihi yanapostiwa tarehe 20 lakini yanabeba thamani ya tarehe 3, na mfumo unarekebisha riba kurudi nyuma. Kwa hiyo "Value Date" iliyotangulia "Posting Date" isikutishe unapoona marejesho. Hiyo ndiyo unayoitaka.

Kukagua mwenyewe si kazi ngumu. Omba stetimenti ya mwezi yenye safu ya "Value Date", kwa sababu ile fupi ya kwenye simu mara nyingi haina. Iweke kwenye Excel, panga mistari kwa tarehe ya thamani badala ya tarehe ya kupostiwa, kisha andika upya salio la mwisho wa kila siku. Kwenye seli ya pembeni, kama deni liko C2, weka:

```
=C2*18%/365
```

Jumamosi na Jumapili nazo zipe mistari yake, zikibeba salio la Ijumaa. Wengi huzisahau na kudhani benki imezidisha. Vuta pia stetimenti ya siku chache za mwezi unaofuata, maana muamala wa tarehe 31 unaweza kupostiwa tarehe 1 au 2 ukiwa na thamani ya mwezi uliopita.

Jumla yako isipolingana na riba iliyokatwa, andika barua kwa meneja wa tawi ukitaja mstari wenyewe: namba ya kumbukumbu, kiasi, tarehe zake zote tatu, na tarehe ya thamani unayoidai. Ambatisha stakabadhi yenye muhuri na ubaki na nakala iliyogongwa "Imepokelewa". Benki ikikaa kimya au ikikataa bila kueleza, malalamiko hayo yanapelekwa Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina ofisi hapahapa Dodoma, na kitu cha kwanza utakachoulizwa ni ile nakala ya barua.